Ncha ya mhindi na mwanga wa upande: mwongozo wa kupanga jaribio la tropizimu

Kila mwaka, nikiuliza kwa nini chipukizi huinamia dirisha, wanafunzi wangu wa kidato cha tano hapa Tororo hunipa jibu lilelile: mwanga unaua homoni upande unaopigwa na mwanga, kwa hiyo upande wa kivuli unakua zaidi. Jibu hilo limo kwenye madaftari yanayorithishwa kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake. Nusu yake ni kweli. Upande wa kivuli unakua zaidi, na ndiyo sababu mche unapinda, kupinda ambako huitwa tropizimu. Lakini homoni haiuawi, inahamishwa.

Jaribio linalofanywa ili kuthibitisha jambo hili nalo lina kasoro. Maharage huoteshwa kwenye mkebe, mkebe huwekwa dirishani, na baada ya wiki kila mtu anaandika kwamba yamepinda. Hapo umeonyesha kuwa mmea hupinda, jambo ambalo bibi yako anayepanga miche ya nyanya barazani alilijua zamani. Hujaonyesha mmea unauhisi mwanga kwa sehemu gani, wala ni nini kinachosafiri kutoka sehemu hiyo hadi mahali unapopindia. Nitaeleza jaribio linalojibu swali la kwanza kwa uhakika na kugusa la pili. Linahitaji punje za mahindi, makopo, karatasi ya foili, taa ya LED na simu yenye kamera. Linachukua kama siku tano za kuotesha na saa tatu za kazi yenyewe.

Kinachotokea ndani ya mche

Punje ya mhindi ikiota, kitu cha kwanza kuchomoza si jani. Ni mrija mweupe uliofungwa juu, unaolifunika jani changa kama ala inavyofunika kisu, ili lisichanike likipenya udongo. Wataalamu huuita koleoptili. Mimi nitauita ala. Ala inafaa sana kwa kazi hii kwa sababu imenyooka, haina matawi, na ikiwa na urefu wa sentimita mbili au tatu hurefuka kwa kutanua seli ilizo nazo, si kwa kuzalisha mpya. Unachokipima ni kutanuka tu.

Ncha ya ala ndiyo inayotoa auksini, homoni inayoamuru seli zitanuke. Auksini hushuka kutoka nchani kwenda chini kwa mwendo wa takriban sentimita moja kwa saa. Ikifika kwenye seli huzifanya zimwage asidi kwenye kuta zake, kuta zinalegea, maji yanaingia na seli inarefuka. Mwanga wa buluu ukipiga upande mmoja, protini zinazoitwa fototropini huuhisi, na auksini husogezwa kuelekea upande wa kivuli. Upande wa kivuli unarefuka kuliko wa pili, na ala inainamia mwanga.

Kwamba auksini husogezwa bila kuharibiwa, Winslow Briggs na wenzake walilionyesha mwaka 1957 kwa ncha za mahindi. Walikusanya auksini iliyotoka kwenye ncha zilizokaa gizani na zilizopigwa mwanga, wakakuta jumla yake ni ileile. Walipoipasua ncha katikati kwa kipande chembamba cha kioo, auksini ilishindwa kuvuka na kila nusu ikatoa kiasi sawa. Kioo kilipoishia chini bila kufika juu kabisa, upande wa kivuli ulitoa zaidi. Ukiwa na kaka aliyekurithisha daftari, msimulie hilo.

Swali na makundi

Swali letu ni la Charles Darwin na mwanawe Francis, waliolichapisha mwaka 1880 baada ya kufanya kazi na miche ya nyasi ambazo mbegu zake hulishwa ndege: je, ala huuhisi mwanga palepale inapopindia, au kwenye ncha? Wao walivika ncha kofia. Nasi tutavika, lakini kwa uangalifu ambao madarasa mengi huuruka.

Utahitaji makundi sita, kila moja likiwa na miche kumi. La kwanza ni miche mitupu inayopigwa mwanga wa upande. La pili imevikwa kofia ya foili nchani. La tatu imevikwa kofia ya plastiki angavu nchani, yenye umbo na urefu uleule. La nne imefunikwa chini kwa mrija wa foili, ncha ikiachwa wazi. La tano imekatwa ncha. La sita ni miche mitupu inayobaki gizani muda wote.

Wengi hulitupa kundi la tatu kwa kuona halina kazi. Kumbe bila hilo, mtu akikuuliza, "Mwalimu, utajuaje kwamba mche haukupinda kwa sababu ya uzito wa kofia, au kwa sababu uliuumiza ulipokuwa unaivisha?" huna jibu. Kofia angavu ina uzito na usumbufu wa kofia, ila inapitisha mwanga. Miche yake ikipinda na ya foili isipinde, tofauti imeletwa na mwanga.

Kundi la tano nalo lina mtego. Mche uliokatwa ncha haupindi, na kila mtu hukimbilia kuandika kwamba ncha ndiyo inayohisi mwanga. Lakini mche uliokatwa ncha pia karibu haukui, kwa sababu umeondoa chanzo cha auksini. Kitu kisichokua hakiwezi kupinda hata kama kinauona mwanga vizuri kabisa. Kwa hiyo katika jaribio hili pima vitu viwili kwa kila mche: pembe uliyopinda na milimita ulizokua. Kundi lisilopinda lina ushuhuda wa kutoa iwapo tu limekua.

Kuotesha

Nunua sokoni mahindi ya kawaida ya kula, mazima, ya msimu wa karibuni. Mbegu za dukani zilizopakwa rangi zina dawa ya kuvu, na wanafunzi watazishika kwa mikono siku nzima, kwa hiyo mimi huziepuka. Kwa miche sitini inayofaa, loweka punje mia na ishirini. Nyingine hazitaota, nyingine zitaota zikiwa zimepinda, na unataka uhuru wa kuchagua.

Tuseme unataka kufanya kazi Jumatano. Loweka punje Ijumaa jioni kwenye maji safi, na Jumamosi asubuhi zimwage maji. Tayarisha makopo ya plastiki yaliyotobolewa chini, yajaze mchanga wa mto uliooshwa, umwagilie na uache maji yachuruzike. Panda punje sentimita mbili chini, ncha butu ya punje juu na ile iliyochongoka chini, na zote ziangalie upande mmoja. Punje zilizopandwa ovyo hutoa ala zinazochomoza kimshazari, na mshazari huo baadaye utauhesabu kama kupinda.

Weka makopo kwenye kabati lisilopitisha mwanga. Boksi la katoni pekee halitoshi. Mwaka mmoja niliamini katoni iliyofungwa kwa selotepu, na siku ya kazi tulipoifungua mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, hizi zimeshainama!" Zote zilikuwa zimeelekea pembe moja, na kwenye pembe hiyo palikuwa na mwanya ambao sikuuona mpaka nilipoingiza tochi ndani na kuzima taa za chumba. Siku hizi navika katoni mbili, moja ndani ya nyingine, pembe zisilingane, kisha naitupia blanketi.

Kwenye joto la huku kwetu, kama nyuzi 25, ala huwa tayari siku ya nne au ya tano tangu kupanda. Rafiki yangu anayefundisha Kabale, kwenye baridi ya milimani, huongeza siku mbili. Mche ulio tayari una ala ya sentimita mbili hadi tatu, nyeupe, ncha yake haijatobolewa. Ukiona jani limeanza kuchungulia juu umechelewa, kwa kuwa ala iliyotobolewa inakaribia kuacha kukua. Usishangae kuona kijiti kirefu cheupe kati ya punje na ala. Mhindi ulioota gizani hujinyanyua kwa sehemu hiyo. Ala yenyewe huanzia kwenye kifundo kidogo juu ya kijiti hicho, na vipimo vyako vyote vianzie hapo. Kama kifundo kimefunikwa, futa mchanga taratibu mpaka ukione.

Taa mbili

Unahitaji taa ya kufanyia kazi, ambayo miche haiioni, na taa ya jaribio, ambayo inaiona.

Ala hujibu mwanga wa buluu. Nyekundu haiipindishi, na kijani inaipindisha kidogo sana. Kwa hiyo funga tochi kwa tabaka nne za karatasi ya nailoni ya kijani, uielekeze ukutani, na ufanye kazi kwa mwanga unaorudi. Usiiamini kabla ya kuijaribu: jioni ya kuamkia siku ya kazi, chukua miche mitatu ya ziada, iweke mbele ya tochi hiyo kwa saa moja, kisha irudishe gizani saa mbili. Ikipinda, ongeza tabaka.

Taa ya jaribio iwe balbu nyeupe ya LED au taa ya sola. LED nyeupe ina buluu nyingi na joto lake ni dogo. Mwaka wa kwanza nilipofanya kazi hii umeme ulikatika katikati ya somo, nikawasha tadooba na kuiweka mbele ya tundu la boksi. Baada ya saa tatu miche haikuwa na cha kuonyesha isipokuwa ncha zilizoanza kusinyaa. Mwali wa mafuta ya taa ni wa manjano na nyekundu, buluu ndani yake ni haba, ila joto lipo tele.

Dirisha pia linaweza kufaa, lakini hapa karibu na ikweta jua la Juni hupita kaskazini mwetu na la Desemba kusini, na dirisha lililokuwa na kivuli muhula uliopita linaweza kuoka boksi lako muhula huu. LED inakuondolea hesabu hizo.

Boksi la jaribio lipake rangi nyeusi ndani au bandika karatasi nyeusi, ili mwanga usirudi kutoka ukuta wa nyuma. Kata tundu la mlalo upande mmoja, usawa wa ncha za miche, na taa iwe sentimita thelathini kutoka hapo. Panga makopo kwenye mstari unaokata njia ya mwanga, si unaoifuata, vinginevyo mche wa mbele utamtia kivuli wa nyuma. Changanya makundi ndani ya mstari kwa kupiga kura za vikaratasi. Ukiliweka kundi zima pembeni, hutajua kama tofauti imetoka kwenye kofia au kwenye pembe ya boksi.

Kofia na mirija

Kofia ya foili nchani iwe na urefu wa milimita tano. Viringisha kipande cha foili kwenye mrija wa wino wa kalamu, ambao unene wake unakaribiana na wa ala, kisha minya upande mmoja ufunge. Iwe inaingia bila kusukumwa. Ya angavu tengeneza vivyo hivyo kwa plastiki nyepesi ya kufungia biskuti, uishike kwa nukta moja ya gundi, uiache ikauke kabisa kabla ya kuivisha. Usihofu kwamba ala ikikua itachomoka kwenye kofia: sehemu inayorefuka iko chini ya ncha, kwa hiyo kofia itapanda pamoja na ncha.

Mrija wa kufunika chini, wa kundi la nne, uviringishe kwenye penseli. Uwe mpana hivyo makusudi. Mrija unaoibana ala utaizuia kupinda kwa nguvu tu, nawe utaandika kwamba sehemu ya chini ndiyo inayohisi mwanga, kumbe umeifunga mikono. Ufike hadi milimita tano chini ya ncha.

Kwa kundi la tano, kata milimita tatu za juu kwa wembe mpya. Fanya hivyo mwisho kabisa, kabla tu ya kuwasha taa, kwa sababu kisiki cha ala baada ya saa mbili au tatu huanza kutengeneza auksini chenyewe kwenye kidonda. Darasa likiacha jaribio mpaka kesho yake, kundi hili hupinda kidogo na kila mtu huchanganyikiwa.

Saa tatu za kazi

Chini ya mwanga wa kijani, pima urefu wa kila ala kutoka kifundo hadi juu kabisa na uandike. Kwa kundi la tano, pima baada ya kukata. Vika kofia, panga makopo, washa taa. Kundi la sita liende kwenye boksi lake jeusi, chumba hichohicho, ili joto lilingane.

Sababu ya kusimama kwenye saa tatu ni uvutano wa dunia. Ala hukua ikikwepa dunia, na mara inapoanza kulala kuelekea taa, uvutano nao unahamisha auksini kwenda upande wa chini ili kuinyoosha tena. Pembe ya mwisho ni suluhu kati ya wawili hao. Kadiri unavyosubiri ndivyo unavyopima tropizimu mbili kwa pamoja.

Baada ya saa tatu zima taa, vua kofia na mirija yote, kisha piga picha kila mche kwa upande, simu ikiwa usawa wa ala. Ukipiga kutoka juu, pembe haionekani kama ilivyo. Kofia zikishavuliwa, mwanafunzi anayepima pembe kwenye picha hajui mche ni wa kundi gani, na mkono wake hautavutwa na jibu analolitarajia. Kisiki kitajulikana tu, hakifichiki. Pembe hupimwa hivi: chora mstari kufuata sehemu iliyonyooka ya chini ya ala, chora wa pili kufuata sehemu ya juu, pima kwa protrakta pembe kati yao. Kuelekea taa ni chanya, kuikimbia ni hasi. Urefu mpya pima kwa uzi uliolazwa kufuata mpindo, kisha unyooshe uzi kwenye rula.

Kusoma matokeo

Namba hizi ni za mfano, nimezitunga ili hesabu ifuatike. Tuseme miche mitupu imetoa nyuzi 38, 42, 35, 47, 40, 29, 44, 36, 41 na 38. Jumla 390, wastani 39. Ya foili nchani imetoa 3, −2, 6, 0, 4, 8, −1, 2, 5 na 5: jumla 30, wastani 3. Kofia angavu wastani 36, mrija wa chini 34, iliyokatwa 1, ya gizani 1.

Anza na kundi la gizani. Wastani wake uko karibu na sifuri, kwa hiyo hakuna mwanya kwenye boksi wala mshazari wa kuotesha. Ungekuta nyuzi 12 zote upande mmoja, usingeendelea mbele. Ungerudi kutafuta mwanya. Kisha linganisha kofia mbili, 36 na 3. Mche uliopinda kidogo kuliko wote katika kundi tupu una 29, na uliopinda zaidi katika kundi la foili una 8, kwa hiyo makundi hayo hayagusani kabisa. Yangekuwa yanaingiliana, ungehitaji miche zaidi kabla ya kusema lolote.

Sasa ukuaji. Tuseme mitupu imekua milimita 3.2 kwa wastani, ya foili 3.0, ya mrija 3.1, ya gizani 3.3, na iliyokatwa 0.8. Ya foili imekua karibu sawa na mitupu, ila haikujua iende wapi. Kwa hiyo hisi iko nchani. Ya mrija imepindia ndani ya foili, mahali ambapo mwanga haukufika, kwa hiyo kuna habari iliyoshuka kutoka juu. Iliyokatwa imekua kidogo mno, na kuhusu hisi haina neno.

Jaribio hili halionyeshi kwamba habari hiyo ni auksini, na usiandike hivyo kwenye hitimisho lako. Limeonyesha kwamba kitu kinashuka. Kwamba ni kemikali, Peter Boysen-Jensen alionyesha kwa kuweka jelatini kati ya ncha na kisiki, na ujumbe ukapita. Frits Went, kwenye miaka ya 1920, alikusanya kemikali hiyo ndani ya vipande vya agari na kupindisha ala za nafaka ya oti bila ncha na bila mwanga.

Ukibaki na miche

Hatua moja ya kuelekea huko inawezekana kwa wembe tu, na Árpád Paál aliichapisha mwaka 1919. Chukua miche kumi iliyobaki, gizani, chini ya tochi ya kijani. Kata ncha ya milimita tatu. Jani la ndani litakuwa limechungulia. Livute juu kidogo kwa kibano mpaka lilegee, kisha likate usawa wa kisiki, kwa sababu likiendelea kukua litaisukuma ncha ianguke. Rudisha ncha juu ya kisiki, lakini isogeze ikalie nusu moja tu ya ukingo. Miche mitano iweke ncha upande wa kushoto, mitano upande wa kulia. Funika makopo kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki, iliyolowanishwa ndani, ili kidonda kisikauke, na urudishe gizani kwa saa tatu.

Ukifungua, ncha nyingine zitakuwa zimeanguka. Zitoe kwenye hesabu, na uandike kwamba umezitoa. Zilizobaki zitakuwa zimepindia upande usio na ncha: za kushoto kulia, za kulia kushoto, pasipo mwanga wowote. Ukiona zote kumi zimeelekea upande mmoja, acha kupima, chukua tochi yako na ukague boksi.